Maombi ya kusajili chama chetu cha walinzi yamerudishwa: mahudhurio, katiba na fomu ya viongozi havisomani

Lindo la Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi. Sisi ni walinzi wa kampuni binafsi za ulinzi, Tanzania Bara, kutoka kampuni tatu tofauti. Mwezi wa tatu tulifanya mkutano wa kuanzisha chama chetu cha wafanyakazi, tukapitisha katiba, tukachagua viongozi, kisha tukapeleka maombi kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri. Wiki iliyopita tumepata barua. Hawajatukataa, wametupa siku 30 tukarekebishe. Naweka hapa mambo waliyoyataja, kwa maneno yangu.

Karatasi ya mahudhurio ina sahihi 34, lakini muhtasari unasema wajumbe waliohudhuria ni 31, na haioneshi nani ni mwajiriwa wa wapi. Katiba yetu haina ofisi ya katibu, ina "mratibu". Katiba hiyohiyo haisemi kura itapigwaje kabla ya kuitisha mgomo, na ibara ya 14 imetaja jina la chama kingine kabisa (rasimu tuliipata kwa mtu, tukaifanyia kazi usiku mmoja). Makamu mwenyekiti ameandikwa kwenye fomu kuwa cheo chake kazini ni meneja wa operesheni wa kanda. Mwisho, nakala hazijathibitishwa.

Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema tujaze mapengo tu, turudishe. Wapo wanaosema mkutano ule ulikuwa batili, tuitishe mwingine. Mimi ndiye huyo mratibu, kwa hiyo mafaili yako kwangu. Naomba mwenye uzoefu anieleze tuanzie wapi.

Kizito wa Mizani

Mkuu, nisikuvunje moyo, ila nijuavyo walinzi hawaruhusiwi kuwa na chama cha wafanyakazi. Polisi hawana, magereza hawana, jeshi hawana. Ulinzi ni ulinzi. Labda hiyo barua ni namna ya kuwaambia taratibu.

Katibu wa Zamani

Ndugu Kizito, hapo pana mchanganyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawaacha nje wanajeshi wa JWTZ, polisi, askari magereza na walio Jeshi la Kujenga Taifa. Hao wanne, basi. Mlinzi wa kampuni binafsi, hata kama anavaa sare na kubeba silaha ya kampuni, ni mwajiriwa kama mpishi wa hoteli au karani wa ghala. Haki ya kuanzisha chama na kujiunga nacho anayo.

Mleta mada, nimekaa kwenye ofisi ya chama miaka mingi na mafaili kama lako nimeyaona. Barua hiyo ni ya kawaida kabisa, na Msajili kuwapa nafasi ya kurekebisha ni jambo lililomo kwenye sheria yenyewe. Tulia. Kabla sijasema kitu, nijibu maswali mawili. Wale 34 waliosaini ni akina nani hasa? Na mkutano ulikuwa tarehe ngapi ya mwezi wa tatu?

Kijana wa Kitivo

Nasoma sheria mwaka wa tatu, nichangie kidogo. Kinachotakiwa ni orodha ya wanachama wasiopungua 20, hilo ndilo sharti kuu. Hao mnao. Kwa hiyo chukueni orodha ya wanachama wenu wa sasa, mpige chapa majina na namba za simu, muambatishe, suala la mahudhurio litakuwa limeisha. Na huyo makamu lazima atoke kwa sababu msimamizi yeyote haruhusiwi kuwa kwenye chama cha wafanyakazi.

Jirani wa Namanga

Habari za huko. Huku kwetu Kenya ni watu 50, si 20. Tena kabla hujaanza kuandikisha mtu hata mmoja, lazima kwanza upate cheti cha Msajili cha kukuruhusu kuandikisha, kinachoombwa na watu wawili. Ukishakipata una miezi sita ya kuleta maombi yenyewe ya usajili. Nyinyi cheti hicho mlikipata? Kama hamkukipata, huenda tatizo ndilo hilo.

Lindo la Usiku

Asanteni wote. Jirani, cheti hicho hatukukisikia popote, sasa umenitia wasiwasi.

Katibu wa Zamani, mkutano ulikuwa tarehe 16 mwezi wa tatu. Leo tuko katikati ya mwezi wa saba. Kuhusu wale 34, jana nimekaa na karatasi nikaipitia jina kwa jina. Walinzi walioajiriwa siku ile ni 26. Wawili walishaachishwa kazi kabla ya mkutano, lakini walikuja kwa sababu ndio waliokuwa wa kwanza kutuhamasisha. Watatu ni wageni: mwenyekiti wa mtaa, mtu wa chama cha wafanyakazi cha sekta nyingine aliyekuja kutusalimia, na kijana aliyetupigia picha. Wote walisaini kwa sababu karatasi ilikuwa inazunguka. Waliobaki ni watatu, na hao wanatupa shida: wamesaini lakini hatuwatambui, maandishi hayasomeki.

Ile 31 ya kwenye muhtasari nadhani mwandishi alihesabu vichwa mwanzoni kabla wengine hawajafika.

Katibu wa Zamani

Vizuri sana kwamba umepitia jina kwa jina, maana kazi yote inaanzia hapo.

Jirani hajakosea kwa upande wa Kenya. Sheria yao ya mwaka 2007 inataka cheti kwanza, na uamuzi wa kusajili ufanywe kwenye mkutano wenye wanachama wasiopungua 50. Kwetu Bara hakuna hatua ya cheti. Mnakutana, mnaanzisha, halafu mnatakiwa kusajili ndani ya miezi sita tangu kuanzishwa. Kwa hiyo Lindo, saa yako ilianza kugonga tarehe 16 mwezi wa tatu na inafika mwezi wa tisa. Hilo liweke kichwani, tutalirudia.

Sasa Kijana wa Kitivo. Idadi ya 20 ni sahihi, ila si orodha ya wanachama. Sheria inasema chama kiwe kimeanzishwa kwenye mkutano wa waajiriwa wasiopungua 20. Waajiriwa, na kwenye mkutano. Ndiyo maana Msajili anadai vitu viwili vya siku ileile: rejesta ya mahudhurio na muhtasari. Ukimpelekea orodha ya wanachama 300 ulioichapa mwezi wa saba, bado hujamjibu. Yeye anataka kujua siku chama kinazaliwa, walikuwepo waajiriwa wangapi chumbani.

Orodha ya wanachama ina maisha yake. Ni daftari ambalo chama kikishasajiliwa lazima kilitunze, na kila mwaka mnampelekea Msajili taarifa ya idadi. Msivichanganye hivi viwili kwenye faili moja. Nimeona watu wakichukua karatasi ya mahudhurio, wakaongeza majina ya waliojiunga wiki mbili baadaye ili ionekane nene. Kalamu inakuwa nyingine, mpangilio unakuwa mwingine, na anayesoma anaona mara moja. Karatasi iliyokuwa halali ikageuka ya mashaka.

Kwa hiyo usiiguse ile karatasi yenye sahihi 34. Iache kama ilivyo, hata wageni wabaki humo. Pembeni andaa jedwali la ufafanuzi: namba ya mstari kwenye karatasi ya mahudhurio, jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mwajiri wake siku ya tarehe 16, kituo cha kazi, na hadhi yake mkutanoni, kwamba ni mwajiriwa, mgeni, au hakutambulika. Wale watatu wasiosomeka andika "hakutambulika" na usiwahesabu. Una 26 wazi, sharti ni 20. Hujapungukiwa na kitu.

Bi Mwandishi

Naongezea kwa Katibu wa Zamani. Mimi kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao. Muhtasari ulioandika 31 msiufute mkaandika mwingine kana kwamba ule wa kwanza haukuwepo, kwa sababu nakala ya kwanza tayari iko kwa Msajili. Andaeni marekebisho ya muhtasari yanayosema wazi kwamba pale ilipoandikwa 31 isomeke 34, ambao kati yao 26 ni waajiriwa, na muyapitishe kwenye kikao cha waanzilishi, yakasainiwa na mwenyekiti na mwandishi.

Pia angalieni muhtasari wenyewe unasema nini kuhusu kupitisha katiba. Wengi huandika "katiba ilijadiliwa na wajumbe wakaridhia". Haitoshi. Nani alitoa hoja, nani aliunga mkono, wangapi walikubali, wangapi walikataa. Wageni walipiga kura? Hilo ndilo la kuuliza ukiona watu watano wasio waajiriwa kwenye mahudhurio.

Lindo la Usiku

Dada, swali lako ni zito. Muhtasari unasema "kwa kauli moja". Kwenye viongozi tulinyoosha mikono. Mwenyekiti wa mtaa nakumbuka hakunyoosha, alikaa nyuma. Wale wawili walioachishwa kazi walinyoosha.

Katibu wa Zamani

Kama ni mikono, na tofauti ilikuwa kubwa, kura mbili za walioachishwa hazibadilishi matokeo. Semeni hivyo kwenye ufafanuzi: waliopiga kura walikuwa kadhaa, wawili hawakuwa na ajira siku hiyo, ukiwatoa uamuzi unabaki palepale. Ukweli ulioandikwa unambana mtu kuliko hadithi safi.

Sasa katiba, ambayo ndiyo kazi kubwa zaidi kwenye barua yenu. Kubadili neno "mratibu" kuwa "katibu" ni jambo dogo kwa kalamu lakini lina uzito wake. Sheria inataka katiba ianzishe ofisi ya katibu na ieleze majukumu yake, kwa sababu huyo ndiye mtu ambaye Msajili anamjua. Taarifa za kila mwaka, mabadiliko ya viongozi, mabadiliko ya katiba, vyote vinapita mkononi mwake. Kwa hiyo ibara ya katibu iseme anatunza daftari la wanachama, anaandika au kusimamia mihtasari, anapeleka taarifa kwa Msajili. Msiandike tu "atafanya kazi za kila siku za chama".

Kuhusu mgomo, watu huliogopa neno lenyewe na hulikwepa wakidhani watapendwa. Ni kinyume. Sheria inataka katiba iseme kura itapigwaje kabla ya mgomo, na baadaye mkija kuwa na mgogoro halali, mgomo unaoitishwa na chama unatakiwa uwe umepigiwa kura kwa utaratibu wa katiba na kuungwa mkono na wengi wa waliopiga. Katiba ikiwa kimya, siku hiyo hamna utaratibu wa kuufuata. Andikeni nani anaitisha kura, taarifa inatolewa siku ngapi kabla, nani anahesabu, karatasi za kura zinatunzwa wapi. Kwa walinzi wa zamu ongezeni kifungu kinachoruhusu kura kupigwa vituoni kwa zamu mbili, la sivyo nusu ya wanachama watakuwa lindoni wakati wa kura.

Halafu pitieni hizi nne ambazo barua haikuzitaja lakini nakuapia zitakuja raundi ya pili: ada ni kiasi gani au inapangwaje, akidi ya mikutano, kiongozi anaondolewaje, na chama kikivunjwa mali inakwenda wapi. Isomeni katiba yenu mkiwa na kifungu cha 47 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini mezani, kipengele kwa kipengele, na kila kipengele muandike pembeni namba ya ibara inayokijibu. Pasipo na namba, ndipo penye pengo.

Mshona Viraka

Hilo la ibara ya 14 yenye jina la chama kingine limenikumbusha rasimu niliyowahi kuisaidia kuhariri. Jina lilishabadilishwa kila mahali, lakini vyombo vya chama havikubadilishwa. Rasimu ilizungumzia kamati za kanda na mkutano mkuu wa wajumbe kutoka mikoa yote, wakati chama kilikuwa na matawi mawili. Kwa akidi ile wasingeweza kufanya mkutano halali hata mmoja. Lindo, angalia kama katiba yenu inadai vikao ambavyo hamna watu wa kuvijaza.

Lindo la Usiku

Nimeangalia sasa hivi. Inadai Baraza Kuu lenye wajumbe 60 na akidi ya theluthi mbili. Wajumbe 40 ndipo kikao kiwe halali, na sisi tulikuwa waajiriwa 26. Asante sana Mshona Viraka, hilo hakuna aliyeliona.

Katibu wa Zamani

Hilo ni kubwa kuliko ibara ya 14. Futeni Baraza Kuu. Wekeni mkutano mkuu wa wanachama wote kwa sasa, na kifungu kinachosema chama kikifikisha idadi fulani mkutano mkuu utakuwa wa wajumbe waliochaguliwa na matawi. Akidi iwe sehemu ya wanachama waliolipa ada, isiwe namba iliyokazwa.

Dereva wa Masafa

Samahani kuingilia. Sisi ni madereva wa mabasi na malori, tuko kama 80. Wengine wanalipwa kwa safari, wengine wanapeleka hesabu kwa tajiri na kinachobaki ni chao. Hakuna aliye na mkataba wa maandishi. Tunataka kusajili chama cha wafanyakazi kama hawa walinzi. Tukifuata haya mliyoyaeleza inatosha?

Kijana wa Kitivo

Bila mkataba wa maandishi si waajiriwa, kwa hiyo ndugu nendeni mkasajili ushirika au chama cha kijamii. Hiyo ndiyo njia.

Katibu wa Zamani

Taratibu, Kijana. Mkataba wa maandishi si kipimo cha nani ni mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inasema mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa ikiwa mojawapo ya hali zilizotajwa ipo, mathalani namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anategemea kipato kwa mtu huyo, au anapewa vifaa vya kazi. Dereva anayepangiwa basi, ratiba na njia na mwenye basi ana hoja nzuri. Ni dhana tu, mwenye basi anaweza kuipinga kwa ushahidi.

Dereva anayepeleka hesabu ni mgumu zaidi. Kuna anayepangiwa kila kitu, na kuna aliyekodi gari kweli. Siwezi kukuambia wote 80 wako ndani. Chama cha wafanyakazi kinahusu uhusiano wa waajiriwa na waajiri wao; wasio na mwajiri kabisa njia yao ni nyingine. Ningekuwa wewe ningeanza na wale 20 au zaidi ambao hali yao haina utata, wawe waanzilishi, na jedwali la mahudhurio lioneshe kila mmoja anaendesha gari la nani na nani anampangia safari.

Dereva wa Masafa

Nimekuelewa mzee wangu. Wa kupangiwa ratiba wanafika 50. Nitafungua uzi wangu nisiharibu wa mwenzangu.

Lindo la Usiku

Hujaharibu chochote kaka. Tunabaki na suala la makamu mwenyekiti, na ndilo linalotugombanisha. Yule bwana ni meneja wa operesheni wa kanda, anapanga zamu za walinzi zaidi ya 100. Ametusaidia sana, bila yeye mkutano usingefanyika. Wengine wanasema ni mtu wa kampuni.

Katibu wa Zamani

Kijana alisema msimamizi yeyote haruhusiwi. Sheria haisemi hivyo. Anayezuiwa ni mwajiriwa wa menejimenti ya juu, asiwe kwenye chama kinachowakilisha wafanyakazi wa kawaida wa mwajiri huyohuyo. Na menejimenti ya juu imefafanuliwa: mtu ambaye kwa nafasi yake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, tena ana mamlaka ya kufunga mikataba ya hali bora kwa niaba ya mwajiri. Viwili vyote. Mkuu wa zamu hayumo, msimamizi wa kituo hayumo. Meneja wa kanda anayepanga zamu peke yake huenda hayumo pia. Cheo kinatisha kuliko kazi yenyewe.

Kwa hiyo pateni barua yake ya uteuzi na maelezo ya kazi yake. Kama havimpi mamlaka hayo mawili, ambatisheni na aandike tamko kwamba hatungi sera wala hana mamlaka ya kusaini mkataba wa hali bora. Kama anayo, hana budi kutoka, hata awe mtu mwema kiasi gani.

Mama Zamu

Mimi ni mlinzi, miaka tisa sasa. Katibu wa Zamani ameeleza sheria vizuri, ila naomba niseme la upande wetu. Sheria inataka pia chama kisiwe chini ya mwajiri, moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma, na kiwe huru na ushawishi wake. Mtu anayeamua nani anapelekwa kituo cha mbali na nani anabaki karibu na nyumbani, ukimweka makamu mwenyekiti, mwanachama wa kawaida atamsemea nini kikaoni? Hata kama karatasi zinamruhusu, mimi nisingempigia kura.

Halafu nina swali. Ukumbi wa mkutano ulilipiwa na nani?

Lindo la Usiku

Dada, hilo nalo. Yeye ndiye aliyetupatia ukumbi wa mafunzo wa kampuni yao, bure, na karatasi tulichapia hapohapo. Sijui kama ni kosa.

Mshona Viraka

Ukumbi wa bure haumfanyi mwajiri kuwa mmiliki wa chama. Hata vyama vikubwa hukutania kazini.

Mama Zamu

Vyama vikubwa vimeshasajiliwa na vina haki ya kuingia eneo la mwajiri kukutana na wanachama. Hiki kilikuwa kinazaliwa, na kilikuwa na walinzi wa kampuni tatu, wamekaa kwenye ukumbi wa kampuni moja. Kama mimi ningekuwa wa kampuni ile ya pili, ningeuliza.

Katibu wa Zamani

Wote mna hoja, na sitajifanya najua Msajili ataliona vipi. Barua haikulitaja. Ushauri wangu ni kwamba msilifiche mkiulizwa, na mikutano kuanzia sasa ifanyike nje ya majengo ya kampuni yoyote, ikilipiwa kwa michango yenye risiti.

Kuhusu fomu ya viongozi, kuna mambo matatu madogo yanayorudisha mafaili. La kwanza, kila kiongozi awe ameonekana kwenye muhtasari kuwa amechaguliwa kwa cheo kilekile kilichoandikwa kwenye katiba na kwenye fomu. Nyinyi mna mratibu kwenye muhtasari. Mkibadili katiba iwe katibu, lazima pawepo azimio linalosema fulani anachaguliwa kuwa katibu. Usijibadilishe cheo kwa kalamu. La pili, majina. Kama kwenye mahudhurio mhazini alisaini kwa jina la utani au jina moja, na kwenye fomu ana majina matatu ya kitambulisho, jedwali la ufafanuzi liunganishe hayo mawili, na tofauti ikiwa kubwa aape kiapo cha jina. La tatu, awe mwenyewe ameandika kwamba amekubali nafasi hiyo, na sahihi ifanane na ya mahudhurio. Nimeona mtu mmoja akiwasainia wenzake watano kwa sababu walikuwa zamu. Inaonekana tu.

Bi Mwandishi

Na kuthibitisha nakala? Chama chetu katibu alisaini na kuandika "nakala sahihi ya asili", ikapokelewa. Rafiki yangu kwao walitakiwa muhuri wa wakili.

Katibu wa Zamani

Fanyeni vyote viwili, tena kila ukurasa. Gharama ni ndogo kuliko kurudi mara ya tatu. Na asili zisiondoke mikononi mwa katibu.

Kijana wa Kitivo

Asante mzee kwa kunisahihisha. Swali la mwisho kwangu ni hili: kwa nini wasifanye tu mkutano mpya wa kuanzisha, na karatasi mpya safi, kila kitu kikalingana? Naona ni rahisi kuliko majedwali na marekebisho.

Katibu wa Zamani

Wapo wanaofanya hivyo, na hapa watu wazoefu hatukubaliani. Mkutano mpya unakupa karatasi safi. Lakini unakuwa umesema kwamba chama cha mwezi wa tatu hakikuwepo, wakati maombi yake yako mezani na mmeshajitambulisha kwa waajiri kwa jina hilo. Mimi ningeitisha mkutano wa waanzilishi, si wa kuanzisha upya, wenye ajenda nne: kupokea barua ya Msajili, kupitisha marekebisho ya muhtasari, kupitisha katiba iliyorekebishwa, kuchagua katibu na kujaza nafasi ya makamu ikibidi. Waje waajiriwa wengi kuliko 20, na safari hii meza ya mahudhurio iwe mlangoni, na daftari la wageni liwe jingine.

Mshona Viraka

Mimi bado niko upande wa Kijana. Katiba ikiwa imebadilika kiasi hicho, Baraza Kuu limeondoka, katibu ameingia, mgomo umeingia, hiyo ni katiba nyingine. Ningependa watu 26 au 50 wasimame waseme hii ndiyo tunayoianzisha nayo.

Lindo la Usiku

Tumejadili jana na wenzangu. Tutaitisha mkutano wa waanzilishi Jumapili mbili zijazo, asubuhi na jioni ili zamu zote zipate, kwenye ukumbi wa kukodi. Makamu ameombwa alete maelezo ya kazi yake. Amekubali, ila kasema kama litaleta maneno atajiuzulu. Mama Zamu, wenzangu wamesema wakupendekeze ugombee ukiwa tayari.

Bado nina hofu moja. Jedwali hili litakuwa na jina, mwajiri na kituo cha kila mtu. Likimfikia mwajiri itakuwaje?

Mama Zamu

Nitakuja kwenye mkutano, tutaongea huko.

Kuhusu majina, kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya chama ni uachishaji usio wa haki kwa sheria yetu, na kesi inakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini kesi ni baada ya mtu kukaa nyumbani. Jedwali ziwe nakala mbili tu, moja ya Msajili, moja ya katibu, na lisipigwe picha kwa simu wala kurushwa kwenye kundi la mtandaoni. Kwetu yale majina yalivuja kwa njia hiyo.

Katibu wa Zamani

Sikiliza hilo. Na msianze kupeleka kwa waajiri fomu za TUF 6 za makato ya ada sasa hivi, najua vijana wana haraka. Kukatwa ada kupitia mishahara na kutambuliwa kama wakala wa majadiliano ni vya chama kilichosajiliwa, na utambuzi unahitaji muwe na wengi kwenye kitengo husika, kampuni kwa kampuni. Hapo ndipo orodha ya wanachama itakapokuwa na kazi yake. Kwa sasa lipeni ada mkononi, risiti, daftari.

Tuma faili kabla siku 30 hazijaisha, upate muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yako. Wakikataa, wataandika sababu, na uamuzi wao unakatiwa rufaa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Lindo la Usiku

Sawa mzee. Kesho naanza na kifungu cha 47, kipengele kwa kipengele. Nikikwama kwenye akidi nitaweka ibara hapa muione.